Mihuri ya Kijapani Kwenye Droo ya Gari

Mezani hapa studio nina kijitabu cha ukubwa wa kiganja, jalada lake jeusi la plastiki, pembe zimeanza kukunjamana. Ndani kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kilitoka kwenye droo ya dashibodi ya Toyota Premio iliyokuwa inauzwa kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam mwaka 2022. Jirani yangu alitaka kuinunua. Aliniletea kijitabu hiki jioni moja akaniambia, "Kaka, gari lina kitabu chake cha sevisi, mihuri imejaa. Hili si la kuachia."

Nikakaa nacho mpaka saa nne usiku. Leo nataka tukisome pamoja, kwa sababu gari nyingi tunazonunua hapa kwetu zinatoka Japani, na nyingi huja na kijitabu kama hiki. Wengi wetu tukiona hatujui lugha tunakirudisha kwenye droo, au tunakitupa siku ya kwanza ya kusafisha gari. Ukweli ni kwamba ili kujua gari lilitunzwaje huhitaji kujua Kijapani. Unahitaji kusoma namba, kutambua alama chache, na kujua jambo moja kuhusu sheria za kule.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo watu hukwama. Wajapani wana hesabu yao ya miaka, inayofuata utawala wa mfalme wao. Enzi iliyoanza mwaka 1989 inaitwa Heisei. Ilikwisha mwishoni mwa Aprili 2019, na tarehe 1 Mei mwaka huohuo ikaanza enzi ya Reiwa. Fundi wa Kijapani akiandika 24 kwenye nafasi ya mwaka, hasemi mwaka 1924 wala 2024. Anasema mwaka wa 24 wa Heisei. Hesabu yake ni nyepesi: ukiona Heisei, jumlisha 1988, ukiona Reiwa, jumlisha 2018. Heisei 24 ni 2012. Reiwa 3 ni 2021. Mara nyingi zinafupishwa kwa herufi H na R. Andika namba hizo mbili kwenye simu yako, zitakusaidia.

Premio ya jirani yangu iliandikishwa kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu, Heisei 24. Yaani Machi 2012.

Sasa lile jambo la sheria. Japani kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari dogo la mtu binafsi likinunuliwa jipya linapewa miaka mitatu, kisha linakaguliwa kila baada ya miaka miwili. Bila shaken gari haliruhusiwi barabarani, na polisi wa kule hawana mzaha na hilo. Kwa hiyo gari lolote lililokuwa linatembea Japani lilipita shaken. Ukiambiwa na dalali kwamba gari lina shaken, hajakwambia kitu. Ni sawa na kumsifu abiria wa ndege kwamba alikuwa na tiketi.

Tena shaken yenyewe inapima usalama wa siku ile: breki zinashika, taa zinaelekea panapotakiwa, moshi hauzidi kiwango, chini hakuna kilicholegea. Haiulizi oili ya injini ilimwagwa lini. Mwenye gari anaweza hata kulipeleka mwenyewe kwenye kituo cha ukaguzi bila kulipitisha gereji, likapita, na kijitabu kikabaki hakina muhuri wa fundi yeyote.

Lakini kati ya shaken moja na nyingine kuna ukaguzi mwingine, wa kila miezi 12. Sheria inamtaka mwenye gari aufanye, na inataka kumbukumbu yake ikae ndani ya gari. Ila kwa gari la mtu binafsi, asipoufanya hakuna faini. Na kwa kuwa hakuna faini, wengi wanauruka.

Hapo, msikilizaji, ndipo pa kutazama. Mwaka wa shaken mwenye gari amelazimishwa. Mwaka wa katikati hakuna aliyemshika mkono. Kama miaka ile ya katikati nayo ina mihuri, unajua gari lilikuwa mikononi mwa mtu aliyetunza hata asipoulizwa. Kama mihuri inatokea kila baada ya miaka miwili tu, unajua alifanya alichobanwa kufanya, basi.

Tufungue kurasa. Kila ukaguzi una ukurasa wake, na ukurasa umegawanywa kwa sehemu za gari: ndani ya boneti, ndani ya gari, kwenye magurudumu, na chini ya gari. Katika miaka ya kijitabu hiki, ukaguzi wa miezi 12 ulikuwa na vipengele 26, na ule wa miezi 24 ulikuwa na 56. Mbele ya kila kipengele kuna kisanduku, na kwenye kisanduku fundi anaweka alama.

Alama inayofanana na vema ya mwalimu, maana yake kimetazamwa na kiko sawa. Alama ya X maana yake kimebadilishwa. Usiichukulie kama kosa la shuleni. Kwenye kijitabu hiki X ni habari njema, ni kifaa kipya. Pembetatu ni kifaa kilichotengenezwa. Herufi A ni kurekebishwa, T ni kukazwa, C ni kusafishwa, na L ni kutiwa mafuta au grisi. Kisanduku chenye mstari mmoja wa mshazari kinasema gari hili halina kifaa hicho.

Kwa kijitabu cha Premio, ukurasa wa Heisei 25, yaani 2013, una vema kuanzia juu hadi chini, isipokuwa C kwenye filta ya hewa na X kwenye oili ya injini. Chini kabisa zimeandikwa kilometa: 9,200. Pembeni kuna muhuri mwekundu wa gereji. Jina la mwenye gari limekatwa kwa wembe. Hilo lisikutie shaka. Huko ni kawaida kuficha jina la mmiliki kabla gari halijapelekwa mnadani.

Heisei 26, kilometa 18,500. Heisei 27, mwaka wa shaken ya kwanza, 27,400, na mafuta ya breki yana X. Heisei 28, 36,800. Heisei 29, shaken ya pili, 45,900, mafuta ya breki yana X tena.

Tulia hapo kidogo. Miaka mitano, kurasa tano, hakuna hata mwaka mmoja ulioachwa. Miaka ya kulazimishwa na isiyo ya kulazimishwa yote ina mihuri. Na kilometa zinapanda kama ngazi ya fundi mzuri: 9,200, kisha 9,300, kisha 8,900, kisha 9,400, kisha 9,100. Huyu alikuwa mtu wa njia moja, pengine nyumbani na kazini. Mpaka hapa jirani yangu alikuwa na haki ya kufurahi.

Nikafunua ukurasa wa Heisei 30. Mweupe. Heisei 31, mwaka ambao lazima gari lilikuwa na shaken, mweupe. Reiwa 2, Reiwa 3, weupe mtupu. Kwenye dashibodi, gari lilikuwa linaonyesha kilometa 58,000.

Muuzaji alikuwa na maelezo yake. Alisema mwenye gari alizeeka, akawa halitumii sana, linakaa uani. Maelezo hayo si ya kupuuza, maana Japani wapo wazee wa namna hiyo. Lakini tuyapime kwa hesabu. Kutoka 45,900 hadi 58,000 ni kilometa 12,100. Ukizigawa kwa miaka mitano ya mwisho, ni kama 2,400 kwa mwaka. Mtu aliyekuwa anakwenda 9,200 kila mwaka bila kuyumba, ghafla akashuka hadi robo yake. Inawezekana. Ila mtu akikuambia jambo kama hilo, unaomba mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni kijitabu chenyewe, na hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu wauzaji wengi hawamjui shahidi huyu. Sehemu ya chini ya ukurasa wa ukaguzi kuna visanduku vya vipimo. Fundi anaandika unene wa pedi za breki kwa milimita, mbele kulia na mbele kushoto, na anaandika kina cha meno ya tairi. Muhuri mtu anaweza kuuchonga Kariakoo. Kilometa anaweza kuzirudisha nyuma kwa kompyuta ndogo ya mkononi. Lakini pedi ya breki inalika jinsi gari linavyokwenda, na namba iliyoandikwa mwaka 2015 huwezi kuibadilisha ikaelewana na pedi iliyomo kwenye gurudumu leo.

Shaken ya Heisei 27, kilometa 27,400, pedi za mbele zilikuwa milimita 9. Shaken ya Heisei 29, kilometa 45,900, zilikuwa 7.5. Maana yake zililika milimita moja na nusu kwa kilometa 18,500, yaani milimita moja kwa kila kilometa 12,000 na kidogo. Na kama pedi mpya zilikuwa kama milimita 11, ile miaka mitatu ya mwanzo inatoa milimita moja kwa kila kilometa 14,000 hivi. Dereva mmoja, mwendo mmoja, ulaji unaofanana.

Sasa, kama gari kweli lilitembea kilometa 12,100 tu baada ya hapo, pedi zilitakiwa kupungua milimita moja, zibaki kama sita na nusu. Asubuhi yake tulikwenda yadi na fundi. Akatoa gurudumu la mbele kulia, akapima. Tatu na nusu. Kushoto, tatu na nusu.

Milimita nne zimekwenda. Kwa ulaji uleule, milimita nne ni kilometa kati ya 48,000 na 56,000. Jumlisha na zile 45,900, unapata gari la kilometa 94,000 au zaidi.

Nakiri kipimo hiki kina mipaka yake. Dereva akibadilika, ulaji unabadilika. Gari la mjini lenye foleni hula pedi kuliko la barabara kuu. Na pedi zikiwa zimebadilishwa katikati, hesabu inakatika. Utaziona nene kuliko inavyotarajiwa, na hapo huwezi kusema lolote. Ndiyo maana pedi peke yake hazitoshi kumhukumu mtu. Tukatafuta shahidi wa pili.

Gereji za Japani zikimwaga oili zina kawaida ya kubandika stika ndogo, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au upande wa ndani wa mlango wenyewe, mahali usipopaona mpaka ufungue. Stika ile ina tarehe, kilometa za siku ile, na kilometa za kumwaga oili nyingine. Wanaopunguza kilometa wanaijua na huibandua. Hapo kwenye Premio palikuwa na alama ya mraba ya gundi, safi kuliko rangi inayoizunguka. Stika ilikuwa imetolewa.

Fundi akafungua boneti. Ubavuni mwa boksi la filta ya hewa, nyuma kidogo, kulikuwa na stika nyingine, imefifia kwa joto. R3, mwezi wa 8. Kilometa 88,400. Oili ijayo, 93,400.

Jirani yangu hakusema kitu. Alichukua simu akaipiga picha.

Shahidi wa tatu hakuhitaji hata kutoka nyumbani. Gari la Machi 2012 linalokwenda 9,200 kwa mwaka, hadi mwanzoni mwa 2022 linapovuka bahari, miaka kumi, linatakiwa liwe na kama 92,000. Pedi zinasema 94,000 au zaidi, stika inasema lilivuka 88,000 miezi kadhaa kabla, na hesabu ya kalamu inasema 92,000. Watatu hawa hawakukaa kikao, na wote wanasimulia gari moja. Dashibodi peke yake ndiyo inayosema 58,000.

Kuna shahidi wa nne ambaye tulimwomba tukamkosa, ila wewe umwombe. Ni hati ya kusafirishia gari kutoka Japani, ile ambayo wakala wa forodha huitumia hapa bandarini. Humo zimo kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa kule. Muuzaji alituambia nakala imepotea. Muuzaji akisema hivyo na kurasa za kijitabu nazo ni nyeupe, ujumbe umeupata.

Tulipomwonyesha ile stika, alisema gari lilimfikia hivyo hivyo, naye hakuligusa. Huenda ni kweli. Kazi yangu leo si kumtafuta aliyezipunguza kilometa zile. Nataka tuulize jambo la kifundi zaidi: kwani gari lenye kilometa 95,000 lina ubaya gani?

Halina ubaya wowote, kama ungejua kwamba ni 95,000. Tatizo lake liko kwenye vitu vinavyokwenda kwa ratiba. Injini ya gari hilo ina plagi za iridiamu ambazo hubadilishwa zikikaribia kilometa 100,000. Mwenye gari anayeamini yuko 58,000 anadhani ana miaka minne mbele; kumbe ana miezi. Maji ya rejeta ya Toyota za aina hiyo, yale ya rangi ya waridi, hukaa miaka saba au kilometa 160,000 tangu gari lianze, kisha baada ya hapo miaka minne au kilometa 80,000. Kwa gari la 2012 miaka saba iliisha 2019, na ukurasa wa 2019 ni mweupe. Oili ya gia boksi, hakuna ajuaye. Mafuta ya breki, ambayo kurasa mbili za shaken zinaonyesha X, baada ya 2017 hayana habari tena.

Kwa hiyo kijitabu hiki kinasema mambo mawili kwa pamoja. Kinasema mtu wa kwanza alilitunza gari kama yai. Na kinasema baada ya mwaka 2017 gari lilibadilisha mkono au lilibadilisha tabia, na chochote kilichofanyika tangu hapo kichukuliwe kuwa hakikufanyika. Ukurasa mweupe haumaanishi kwamba gari liliharibiwa. Unamaanisha gharama hiyo ni yako, uikate kwenye bei.

Nilimwandikia jirani yangu kwenye karatasi: plagi nne, maji ya rejeta, oili ya gia boksi, mafuta ya breki, pedi za mbele. Nikamwambia, kama muuzaji atakubali bei ya gari la kilometa 95,000, toa na gharama hizo, chukua. Hakukubali.

Wiki ya pili yake tulipata Premio nyingine, rika lilelile. Dashibodi yake ilikuwa inasoma 104,000, na kwa sababu hiyo wanunuzi walikuwa wanaipita bila kusimama. Kijitabu chake kilikuwa na kurasa tisa zenye mihuri, wa mwisho ukiwa wa Reiwa 3, kilometa 101,600. Miaka ya katikati yote ilikuwepo. Pedi za mbele zilikuwa na X mwaka wa 2018, na ukizifuata kutoka hapo, milimita zake zililingana na zilizopo kwenye gurudumu. Plagi zilikuwa na X kwenye ukurasa wa mwisho. Mwandiko ulikuwa wa mafundi watatu tofauti, wino tofauti, na mihuri mingine ilipigwa upande, kama inavyopigwa na mtu mwenye kazi nyingi. Hilo nalo ni la kuangalia: kijitabu kilichojazwa siku moja kwa udanganyifu huwa na mwandiko mmoja, wino mmoja, na kilometa za mviringo, 10,000, 20,000, 30,000. Gari halifiki gereji likiwa na sifuri nne.

Hiyo ndiyo aliyoinunua, na mwaka huu bado anaiendesha.

Nina ombi moja kabla hatujaagana. Ukinunua gari, kile kijitabu usikitupe, na usikiache kife siku lilipovuka bahari. Kurasa zilizobaki ni zako. Siku fundi wako wa mtaani akimwaga oili, hata kama hana muhuri, chukua kalamu, andika tarehe, kilometa zilizo kwenye dashibodi, na kilichobadilishwa. Akitoa gurudumu, mwombe apime pedi, uandike milimita. Kwa Kiswahili kabisa, chini ya mihuri ile ya Kijapani. Siku utakapoliuza, mnunuzi wako hatahitaji kukuamini wewe. Atasoma.